Daftari la Usiku wa Maji

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata na Kigogo, kisha unatanuka Jangwani kabla ya kumwagika baharini pale Salenda. Sisi tunaokaa bondeni Kigogo tunajua kwamba maji yanayotuingilia ndani si lazima yawe ya mvua iliyotunyeshea. Mvua ikipiga Pugu jioni, kwetu bati likiwa kavu, usiku mto unaweza kupanda. Ndivyo ilivyokuwa masika yaliyopita. Saa nane usiku niliamka kwenda kumfunika mama, nikakanyaga maji. Nilipomaliza kuwaamsha wanangu wawili yalikuwa yamefika magotini, meusi, yamebeba ya vyoo vya mtaa mzima.

Kijana wa bodaboda anayeegesha pale kwenye kona alimbeba mama mgongoni, mama wa miaka 78, maji yakiwa yamemfika kifuani. Mama Lishe wa ng'ambo ya barabara, ambaye nyumba yake iko juu kidogo, alitupokea akatulaza usiku tisa. Fundi wa visima alileta pampu yake na lita 5 za petroli, akatuachia pampu kwa siku mbili. Mjumbe alipita nyumba kwa nyumba na daftari, akarudi na shilingi 340,000. Na wapo walioshika beleshi wakatoa tope, ambao mpaka leo wengine siwajui kwa majina.

Wiki sita baadaye nikataka kupika pilau ya shukrani. Mjumbe akaja na daftari lake, akasema orodha iko tayari, watu wakishakaa atasimama aisome. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimeshaanza kupita njia ya nyuma ili nisikutane na Mama Lishe, na sikuwa nimejiuliza kwa nini. Nikaona heri niwaite kwanza wachache barazani kwangu, baada ya alasiri, niwasikie. Waliyosema niliyaandika usiku huohuo, kwa ruhusa yao.

MJUMBE: Mimi sioni ugumu wowote hapa. Msiba una daftari, harusi ina daftari, hata ngoma za akina mama zina daftari. Ukitunzwa doti ya khanga leo, siku ya mwenzako unamtunza doti na nyongeza. Mafuriko yana nini hata yakose daftari? Mtu aliyetoa asikie jina lake na kiasi chake mbele ya watu. Usipomtaja, kesho atasema hela yake imeliwa, na atakayeambiwa ameila ni mimi.

MWALIMU WA MADRASA: Umetaja ngoma, na hapohapo ndipo ninapoogopa. Ngoma ni kupeana zamu. Anayetunza anajua zamu yake itafika, amekubali tangu siku ya kwanza. Harusi ni vilevile. Kadi inatumwa mapema, mtu anaahidi, anakumbushwa kwa simu, na yeye akioza atatuma yake. Tunawekeana, na si vibaya. Lakini aliyeingia kwenye maji saa nane usiku hakuwa anaweka kitu kwa mtu. Ukiliandika tendo lake kwenye daftari la aina ileile, unaligeuza baada ya kutendwa. Jana lilikuwa wema, leo limekuwa zamu.

MJUMBE: Huyo aliyeingia kwenye maji hayumo. Yeye hakutoa hela.

Baraza lilinyamaza. Nililiomba daftari, nikalipitia ukurasa kwa ukurasa. Lilikuwa na majina 41. Kijana hakuwemo. Mama Lishe hakuwemo. Fundi alikuwemo kwa shilingi 2,000 alizotoa mlangoni kwake, na pampu haikuandikwa popote. Walioshika beleshi hawakuwemo hata mmoja, isipokuwa yule dada anayefua nguo za watu, aliyeandikwa kwa shilingi 500. Mjumbe hakukosea hesabu. Aliandika kile ambacho daftari linaweza kukiandika.

MJOMBA: Samahani, nimechelewa. Mnazungumza habari ya misaada? Maana mwaka ule wa 2011 sisi wa Magomeni Suna tulipewa mahema, halafu viwanja Mabwepande. Mnataka tuandike barua ya kushukuru?

MIMI: Hapana, mjomba. Ni habari ya majirani waliotusaidia hapa.

MJOMBA: Ah. Majirani. Basi mimi siwezi kusaidia. Majirani zangu sijui waliko.

Akakaa pembeni, akakunja miguu. Nilidhani amemaliza.

FUNDI: Naomba niseme langu, na msinichukulie vibaya. Mimi shukrani nimeshapata. Ninachokosa ni sili.

MIMI: Sili gani?

FUNDI: Ya pampu. Ilirudi inavuja. Maji ya Msimbazi ni mchanga, na mchanga unakula sili. Mpira wa kufyonzea unatakiwa ukae ndani ya ndoo uliyoitoboa matundu madogo kila upande, na ndoo uikalishe juu ya tofali, isiguse tope. Vijana wa siku ya kwanza niliwaonyesha. Wa siku ya pili walikuwa wengine, wakautumbukiza mpira kwenye tope. Ukiiwasha sasa unaona matone yanatoka pale injini inapoungana na pampu, na maji hayapandi kama zamani. Kisima cha mita 8 inakitoa kwa shida.

MIMI: Wiki sita! Kwa nini hukuniambia?

FUNDI: Ningekuambiaje, dada? Ulikuwa umeanika magodoro barabarani. Ningesema pampu yangu imeharibika ningeonekana nadai. Nikanyamaza. Ukawatuma watoto na soda, nikanywa ile soda huku nafikiria sili. Nikikuona tu, nakumbuka sili.

Sijapata kuona aibu kama ile. Kumbe nilikuwa namkwepa mtu mmoja wakati mwingine naye ananikwepa mimi, kila mmoja akiwa na lake moyoni.

MWALIMU WA MADRASA: Hapo vitu viwili vimechanganyika, tuvitenganishe. Petroli aliyoileta alijua itaungua. Hiyo ni zawadi, hairudi. Pampu ni azima, na cha kuazima kinarudi kama kilivyotoka. Kikiharibika kinatengenezwa, mwaka wa mafuriko na usio wa mafuriko. Kutengeneza pampu si shukrani, na usije ukafikiri ukishaitengeneza umeshashukuru. Lakini ukimshukuru kwa maneno matamu na pampu inavuja, maneno yako yatakuwa yanamziba mdomo asidai haki yake.

MJUMBE: Sasa si ndiyo maana ya daftari? Ningeandika "pampu moja, nzima, tarehe fulani", leo tusingekuwa hapa.

MWALIMU WA MADRASA: Kwa azima, nakubaliana nawe kabisa. Pampu, beleshi, mikokoteni, masufuria, vyote vya kuandikwa, na aliyevichukua atie jina lake. Daftari la vyombo lingetuokoa. Ninalolikataa ni la watu.

(Sili mpya na ujira wa kuifunga vilifika shilingi 35,000. Nilimwomba anionyeshe pampu ikivuta maji safi kwanza, ili wote wawili tuone imekwisha. Tangu siku ile ananisalimia kwa sauti kubwa kutoka ng'ambo ya barabara.)

Kijana alikuwa amefika muda, ameegemea pikipiki yake hapo nje. Akaja akatoa shikamoo zake zote, akakaa kwenye ngazi. Mguu wa kushoto bado alikuwa anautanguliza kwa uangalifu. Usiku ule, akiwa na mama mgongoni, alikanyaga ukingo wa bati lililokuwa limelala chini ya maji. Hakumtua mama. Alishonwa nyuzi sita, akachomwa sindano ya pepopunda kwa sababu ya yale maji, na alikaa siku nne bila kuendesha. Pikipiki si yake. Kila siku analipa hesabu kwa mwenye pikipiki, apate abiria asipate.

MIMI: Nimekuita kwa sababu umenirudishia bahasha mara mbili. Ile si malipo. Ni ya hospitali na hesabu ya siku nne.

KIJANA: Dada, mimi nikipokea ile, pale kijiweni itakuwa tripu. Watasema nilimbeba bibi kwa hela. Na mimi mwenyewe nitaanza kuona hivyo. Nyumba ikiingia maji tena nitajikuta najiuliza huyu atalipa, huyu hatalipa.

MWALIMU WA MADRASA: Mwanangu, ngoja nikupe habari ya moto. Mimi nimekulia kusini, kwenye nyumba za makuti. Nyumba ya makuti ikishika moto na upepo upo, watu hawaendi kwenye inayoungua, maana hiyo imeshakwenda. Wanakimbilia inayofuata upande unakoelekea upepo, wanang'oa paa lake lote, ili cheche zikiruka zisipate pa kutua. Mwaka mmoja jirani yetu alikubali paa lake ling'olewe, zikapona nyumba nne nyuma yake, na ya kwetu mojawapo. Asubuhi hatukwenda kumpa mkono tukaondoka. Kila nyumba ilipeleka makuti, watu wakapanda juu, paa likarudi kabla ya Ijumaa. Hatukumlipa kwa kukubali kwake. Tungemlipa nini? Tulimrudishia paa. Mguu wako na siku zako nne ni paa lako.

KIJANA: Nimekuelewa, mwalimu. Lakini paa likirudi kila mtu anaona paa. Mguu mkiulipa, watu wanaona hela.

Jibu hilo lilimfanya mwalimu acheke kidogo, kisha akanyamaza, na sikumwona akipata la kumjibu. Fundi alisema hesabu ipelekwe moja kwa moja kwa mwenye pikipiki bila kumpitia kijana. Mjumbe akasema hapana, mwenye pikipiki si aliyekatwa mguu, na isitoshe atamwona kijana ni mtu wa kulipiwa. Mimi nikapendekeza dawa na sindano nilipe, hesabu niiache. Kijana akatikisa kichwa. Mpaka naandika haya bahasha iko kwenye droo yangu. Ninaamini mwalimu yuko sahihi kwamba gharama haiwi zawadi kwa sababu tu mwenyewe amekataa kuidai: siku nne bila kula ni siku nne. Lakini mguu ni wake, na jina la kile alichokifanya ni lake pia. Siwezi kumtia hela mfukoni kwa nguvu ili nilale vizuri mimi.

Tulikuwa bado hapo Mama Lishe alipomaliza kuosha masufuria yake, akavuka barabara akijifuta mikono kwenye khanga. Hakukaa.

MAMA LISHE: Nimesikia mnafanya kikao cha shukrani. Nami nina neno, na nitalisema kwa huyu mwenye nyumba. Jirani, nyumba yangu ni gesti?

MIMI: Kwa nini unasema hivyo?

MAMA LISHE: Ulipotoka kwangu ulinirudishia sufuria na kilo tano za sukari. Wiki ya pili mchele. Wiki ya tatu doti ya khanga. Kila Jumamosi mtoto analeta mfuko, anauweka mlangoni, anakimbia. Nimelea wanao siku tisa, sasa hawaingii ndani kwangu, wanaleta mifuko. Nikakaa nikahesabu: siku tisa, watu wanne. Nikaona karibu utamaliza kulipa.

MIMI: Sahani hairudi tupu, jirani. Ndivyo tulivyolelewa.

MAMA LISHE: Hairudi tupu, ndiyo. Lakini nani alikuambia inarudi na kilo tano? Unaweka maembe mawili. Unaweka kashata. Kitu kidogo, nami nipate sababu ya kuirudisha kwako na changu. Wewe umeijaza isirudi tena.

Hapo nikaelewa kwa nini nilikuwa napita njia ya nyuma. Kila mfuko niliopeleka niliupeleka nikitumaini baada yake nitapita mbele ya nyumba yake kifua wazi, na kila mfuko ukanifanya nione bado haujatosha. Nilikuwa nimeweka daftari langu kichwani, baya kuliko la Mjumbe, kwa sababu la Mjumbe lina ukurasa wa mwisho.

MJUMBE: Basi kama yeye hataki kulipwa, na kijana hataki, na fundi anataka sili tu, pilau ya nini? Tusitumie hela.

MWALIMU WA MADRASA: Usiende haraka hivyo. Katika Suratul Insan, aya ya 9, wanaolisha maskini na yatima wanasema hawataki malipo wala shukrani. Lakini angalia wanaosema ni akina nani. Ni waliotoa. Anayetoa ndiye mwenye haki ya kusema sitaki shukrani. Aliyepokea hana haki ya kumsemea. Yeye ana hadithi ya Mtume kwamba asiyeshukuru watu hajamshukuru Mungu, na nyingine kwamba aliyekutendea wema mlipe, na ukikosa cha kumlipa umwombee dua mpaka ujione umemlipa. Kwa hiyo mmoja anasema sitaki, mwingine anasema lazima nikushukuru, na wote wawili wako sawa. Ubaya unaanza wakibadilishana maneno. Aliyepokea akisema "si hakutaka shukrani", huo ni utovu wa fadhila. Aliyetoa akisema "lazima anishukuru", hayo ni masimango.

Nilipolisikia neno hilo nikawaeleza jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Mwenye duka mmoja wa mtaani, aliyeandikwa daftarini kwa shilingi 50,000, kiasi kikubwa kuliko vyote, alimwambia mwanangu akiwa amesimama kununua unga: mwambie mama yako magodoro mnayolalia ni yetu. Mtoto hakurudi na unga. Siku hizi anakwenda duka la mbali, anavuka barabara mbili, na nimemwacha avuke.

MWALIMU WA MADRASA: Aya ya 264 ya Al-Baqara inasema jambo hilihili, kwamba sadaka inabatilika kwa masimango na maudhi. Imebatilika kwake yeye. Kwenu godoro ni godoro, lalieni. Lakini nikuulize: ulikwenda kumshukuru?

MIMI: Nilisubiri pilau.

MWALIMU WA MADRASA: Wiki sita. Mtu ambaye hajaambiwa kitu hujikumbusha mwenyewe, na wengine wakijikumbusha huwa wanasema kwa sauti.

MAMA LISHE: Hapo sikubaliani nawe, mwalimu. Wapo ambao hata ukiwashukuru asubuhi na jioni watasimanga. Yule namjua, ananipimia mafuta. Asiende kwake kwa kuogopa.

MWALIMU WA MADRASA: Asiende kwa kuogopa. Aende mara moja, amwambie godoro limefanya nini, basi. Akisimanga tena baada ya hapo, ni lake.

MAMA LISHE: "Limefanya nini." Hilo, mwalimu, ndilo nililokuwa nalitafuta. Mimi tangu walipotoka kwangu nina swali moja. Bibi nilimlaza kwenye kile kitanda cha kamba, na kamba zimelegea katikati. Usiku zote tisa nilikuwa nasikiliza anavyogeuka. Nikawa najiambia nimemtesa mzee wa watu. Mnaleta sukari, hakuna anayeniambia bibi alilalaje.

Nikamwambia. Mama tangu usiku ule wa maji alikuwa hafumbi macho giza likiingia. Anakaa kitandani anashika ukuta. Kwa Mama Lishe, kwa sababu anaamka saa tisa kuwasha jiko la maandazi, mama alikuwa anaona mwanga wa moto mlangoni na kumsikia mtu akiimba pole pole, basi analala mpaka jua linatoka. Kugeuka kwake ni nyonga, hata kwenye kitanda cha chuma anageuka. Tuliporudi nyumbani alikaa macho usiku mbili za kwanza, akaniomba niwashe jiko alfajiri hata kama sina cha kupika. Ninaliwasha mpaka leo.

Mama Lishe alikaa. Tangu aje hakuwa amekaa.

MAMA LISHE: Kumbe ni jiko.

Kwa dakika kadhaa hakuna aliyesema kitu cha maana. Ninalifikiria jambo hili tangu siku ile. Mjumbe alitaka kumsomea kila mtu kiasi alichotoa, na kila mtu anakijua kiasi alichotoa. Asichokijua ni kilikwenda kufanya nini upande wa pili, na hilo ninalijua mimi peke yangu. Kwa wiki sita nilikuwa nimelishika, huku nikipeleka sukari.

MWALIMU WA MADRASA: Hata neno lenyewe liko hivyo. Asante limetoka kwenye Kiarabu, ahsanta, umefanya vyema. Halisemi nimepokea, wala halisemi nitarudisha. Linamwelekea aliyetenda na alichokitenda. Sasa huwezi kumwambia mtu amefanya vyema kama huwezi kumwambia amefanya nini.

FUNDI: Mimi basi niambie. Ile pampu ilitoa nini?

MIMI: Siku ya kwanza jioni sakafu ya chumba cha watoto ilionekana. Vitabu vilikuwa juu ya kabati, havikulowa. Mkubwa alikuwa na mtihani Jumatatu. Alikwenda.

FUNDI: Alifaulu?

MIMI: Hesabu hapana.

FUNDI: Hesabu hata mimi zilinishinda.

Mjumbe alikuwa ameweka daftari mapajani, analifungua na kulifunga. Nilimwonea huruma, kwa sababu alitembea nyumba 41 na zaidi akiwa na viatu vya mpira, na hakuna aliyemtaja yeye.

MJUMBE: Mnasema vizuri wote. Lakini mimi hela za watu nimezishika mkononi. Nisiposoma chochote nitaonekana mwizi.

MWALIMU WA MADRASA: Soma zilizopatikana na zilivyotumika. Shilingi 340,000, magodoro mawili, masufuria, sare za shule, nauli, senti ya mwisho. Hilo ni deni lako kwa mtaa na ulilipe. Majina yasome bila viasi, na usiwasahau walioshika beleshi.

MJUMBE: Nikimtaja wa 50,000 sawasawa na wa 500, mwakani wa 50,000 hatatoa. Mimi ndiye ninayepita milangoni, si nyie. Nawajua watu.

MAMA LISHE: Na ukisoma 500 ya yule dada mbele ya sinia la pilau, mwakani yeye ndiye hatakuja. Na yeye alitoa tope siku nzima. Unamtaka yupi usiku wa maji?

MJUMBE: Wote wawili. Beleshi halinunui godoro.

Hakuna aliyekuwa na jibu la hilo pia. Mjumbe alikubali kusoma matumizi. Kuhusu viasi alisema atafikiri, na ninamfahamu, atafikiri kwa kweli. Mimi niliamua kwamba kabla ya Jumapili ya pilau nitapita kwa kila mtu mlangoni kwake, nimwambie la kwake yeye, dakika mbili, mikono mitupu. Kwa walio wengi nilikuwa ninalo la kusema. Kwa baadhi ya wa beleshi ilibidi niwaulize watoto: yupi alikuwa wapi, nani aliokota picha ya babu kwenye tope akaiosha. Na kwa yule mwenye duka nitakwenda na mwanangu nikiwa nimemshika mkono, ninunue unga.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya nyumba za Mburahati. Watu walianza kusimama. Ndipo mjomba akasema kutoka pembeni, kama mtu aliyekuwa anaendeleza mazungumzo yake mwenyewe.

MJOMBA: Mimi wangu nitamwambia wapi?

MIMI: Wako nani, mjomba?

MJOMBA: Desemba 2011. Nilikuwa nimeshika nondo ya dirisha, maji yako shingoni. Mtu akanyoosha mguu kutoka juu ya paa, si mkono, mguu, akaniambia shika. Nikashika kifundo cha mguu, akanivuta. Tukakaa juu ya paa mpaka asubuhi, yeye na mimi na mbuzi. Sikumwona vizuri, kulikuwa na giza, halafu asubuhi kila mtu anatafuta watu wake. Sisi tukapelekwa Mabwepande. Nikasema mambo yakitulia nitarudi nimtafute. Mwisho wa 2015 zile nyumba za bondeni zikabomolewa. Nilikwenda, hata paa lenyewe sikulijua lilikuwa wapi. Ninyi mnazungumza kulipa kidogo au kulipa sana. Mimi deni ninalo lote, halijapungua hata senti.

Mwalimu wa madrasa alianza kusema habari ya dua, kwamba dua inafika hata usipomjua mtu jina. Mjomba akaitikia kwa heshima, lakini niliona halikumtosha. Kijana alikuwa amesimama tayari, funguo za pikipiki mkononi. Akarudi akakaa kwenye ngazi, mguu wake mbovu akiunyoosha mbele.

KIJANA: Paa la nyumba gani, mjomba? Baba yangu mdogo alikuwa anakaa Suna. Alikuwa na mbuzi.

MJOMBA: Mbuzi dume?

KIJANA: Sikumbuki. Nilikuwa mdogo. Alishafariki. Lakini niambie ilivyokuwa, kwetu pale nyumbani yupo shangazi, nitamwuliza.

Mjomba aliishusha kofia yake mapajani, akavuta pumzi, akaanza tangu mwanzo, tangu mvua ilivyoanza usiku na mkewe alivyosema itakatika alfajiri.